Kamba iliyogongwa: mbona inabaki juu?

*Shikamoo mwalimu. Nipo mwaka wa pili chuo, tumefika kwenye mlinganyo wa wimbi. Kamba ikiinuliwa halafu ikaachiwa nimeelewa: umbo linagawanyika nusu kwa nusu, moja linakwenda kulia na lingine kushoto. Ila kamba iliyonyooka ikigongwa tu, jibu langu linaiacha imeinuka katikati na haishuki tena. Nimekosea wapi? Na hayo mawimbi mawili yako wapi hapo?*

Marahaba. Hujakosea popote. Kamba isiyo na mwisho ikigongwa, inabaki juu pale wimbi lilipokwisha kupita, na haishuki. Jibu lako ni sahihi, ila limekupa wasiwasi kwa sababu kamba zote tulizozishika zina ncha, na ncha ndizo zinazoirudisha chini. Tuichukue kamba moja yenye vipimo kamili tuitazame kwa karibu, kisha turudi kwenye fomula.

Kila mita ya kamba yetu ina masi ya kilo 0.1, na imevutwa kwa nguvu ya nyutoni 40. Kasi ya wimbi ni kipeuo cha pili cha mvutano ukigawanywa kwa masi ya mita moja: 40 ukigawa kwa 0.1 ni 400, na kipeuo chake cha pili ni 20. Basi c ni mita 20 kwa sekunde. Kamba imetulia, imenyooka. Tunachukua ubao wenye upana wa sentimita 20, tunaugonga kutoka chini mara moja na kuuondoa. Kipande cha kamba kilichoguswa, kuanzia x = −0.1 hadi x = 0.1, kinaanza kupanda kwa mita 2 kwa sekunde. Sehemu nyingine zote bado zimetulia. Kwa hiyo umbo la mwanzo f ni sifuri kila mahali, na kasi ya mwanzo g ni 2 ndani ya kipande hicho na sifuri nje yake.

Nukta ya katikati, x = 0, haijui bado kwamba kipande kilichogongwa kina mipaka. Habari ya mipaka inasafiri kwa mita 20 kwa sekunde, na mpaka upo sentimita 10 kutoka hapo. Kwa hiyo kwa milisekunde 5 nukta hii inapanda kwa ile kasi yake ya mita 2 kwa sekunde bila kupungua hata kidogo. Milisekunde 5 zikitimia imefika sentimita 1, na papo hapo habari za kulia na za kushoto zinaifikia kwa pamoja. Inasimama. Haipunguzi mwendo taratibu, inasimama pale pale ilipo, sentimita 1 juu.

Sasa nenda kwenye nukta iliyo mita 1 kulia. Kwa milisekunde 45 hakuna kinachotokea. Halafu inaanza kupanda, lakini kwa mita 1 kwa sekunde tu, nusu ya kasi iliyotolewa na ubao. Inapanda kwa milisekunde 10, inafika sentimita 1, inasimama. Nukta ya katikati ilikwenda kwa kasi 2 kwa muda wa 5, hii imekwenda kwa kasi 1 kwa muda wa 10, na zote zimeishia kimo kimoja. Ukichora kamba yote wakati milisekunde 50 zimepita, utaona uwanda bapa wenye kimo cha sentimita 1 kutoka x = −0.9 hadi x = 0.9, kisha kila upande mteremko mfupi wa sentimita 20 unaoshuka hadi sifuri. Nje ya hapo kamba bado haijasikia lolote. Kinachosafiri ni ile miteremko miwili. Uwanda wenyewe hauendi popote, unarefuka tu.

Kwa nini uwanda haushuki? Usome tena mlinganyo kwa maneno kabla ya kuusoma kwa herufi:

```
u_tt = c² u_xx
```

Upande wa kushoto ni mchapuko wa kipande kidogo cha kamba. Upande wa kulia ni kupinda kwa kamba mahali hapo. Kimo u chenyewe hakimo kabisa. Kamba haijui sifuri iko wapi, inajua tu kama imepinda au imenyooka. Juu ya uwanda kamba imenyooka, kwa hiyo mvutano wa kulia na wa kushoto unalingana na hakuna nguvu ya kuishusha. Tena imekwisha kusimama, haina kasi. Kitu kisicho na kasi wala nguvu kitabaki kilipo. Wanafunzi wengi huubeba mfano wa springi akilini, ambamo nguvu hukua kadiri unavyokwenda mbali na sifuri, wakauhamishia kwenye kamba. Springi ina sifuri yake. Kamba isiyo na ncha haina.

Tuje kwenye swali lako la pili, mawimbi mawili yako wapi. Chukua namba mbili mpya, p = x − ct na q = x + ct, uandike mlinganyo upya kwa hizo. Unabaki na sentensi fupi sana, u_pq = 0: badiliko la u kwa q halitegemei p. Kitu pekee kinachotimiza sharti hilo ni jumla ya fankshoni ya p peke yake na fankshoni ya q peke yake:

```
u(x,t) = F(x − ct) + G(x + ct)
```

F ni umbo linalosafiri kulia bila kubadilika, G linasafiri kushoto. Hili ndilo Jean le Rond d'Alembert alilolionyesha mwaka 1747, katika makala aliyoiandikia Akademia ya Berlin kuhusu kamba inayotetema. Kazi iliyobaki ni kuipata F na G kutokana na f na g, na hapa ndipo nakushauri uache kwanza njia ya kitabu. Usitafute maumbo, tafuta miteremko.

Mteremko wa kamba wakati wowote ni F' + G'. Kasi ya kamba kupanda ni −cF' + cG', maana F ikisafiri kulia, nukta iliyosimama mahali pamoja inaona F ikipita kinyumenyume. Wakati t = 0 mteremko ni f' na kasi ni g. Una milinganyo miwili na visivyojulikana viwili, kama ile ya shule ya sekondari. Jumlisha, toa, na unapata:

```
F' = ½ (f' − g/c)
G' = ½ (f' + g/c)
```

Hizi mbili ndizo ningependa uzikariri. Zinakuambia kwamba umbo la mwanzo linagawa mteremko wake sawasawa kwa pande zote mbili, kwa alama ileile. Kasi ya mwanzo nayo inagawanywa nusu kwa nusu, lakini kwa alama zinazopingana: upande wa kulia unachukua −g/2c, wa kushoto +g/2c. Tofauti yote baina ya kamba iliyoinuliwa na kamba iliyogongwa imo ndani ya alama hiyo moja.

Kwenye kamba yetu, g/2c ndani ya kipande ni 2 ukigawa kwa 40, yaani 0.05. Basi F ina mteremko wa −0.05 kwa urefu wa sentimita 20, na nje ya hapo ni bapa. Ichore. Utapata ngazi inayoshuka: kushoto iko juu, kulia iko chini, na tofauti baina ya sakafu zake mbili ni 0.05 mara 0.2, yaani sentimita 1. G ni ngazi hiyohiyo ikipanda kuelekea kulia. Tuseme F ni +0.5 upande wa kushoto na −0.5 upande wa kulia, kwa sentimita, na G kinyume chake. Zipandanishe wakati t = 0: kila mahali zinafutana, jumla ni sifuri. Ndiyo maana hukuyaona mawimbi yako. Yapo tangu mwanzo, yamelaliana na kufichana kabisa.

Sasa ziachie. F inakwenda kulia, G kushoto. Katikati, baada ya ngazi zote mbili kupita, unasimama upande wa kushoto wa F, ambako ni +0.5, na upande wa kulia wa G, ambako pia ni +0.5. Jumla ni sentimita 1, na huo ndio uwanda wako. Mbali kulia, ambako F haijafika, bado una −0.5 na +0.5, yaani sifuri. Fanya hivi kwa mkono angalau mara moja: kata ngazi mbili za karatasi, ziteleze kwenye karatasi ya miraba, ujumlishe vimo. Mimi mwenyewe niliielewa hivyo, baada ya kuandika fomula mara nyingi bila kuiona.

Labda utauliza kwa nini nimechagua +0.5 na −0.5, na si sifuri na −1. Chagua upendavyo. Ukirudi kutoka mteremko hadi umbo unapata kisobadilika K, na kila unachokiongeza kwenye F lazima ukitoe kwenye G, kwa sababu F + G wakati wa mwanzo lazima iwe f. Jumla haiguswi. Wanafunzi huhangaika sana na K hii wakidhani wamesahau sharti fulani, kumbe hakuna sharti lililobaki. Kimo cha F peke yake hakina maana yoyote ya kupimika. Mteremko wake ndio wenye maana.

Ukikusanya yote haya na kujumlisha miteremko, unapata fomula ya kitabu chako:

```
u(x,t) = ½ [ f(x − ct) + f(x + ct) ]
         + (1/2c) ∫ g(s) ds,   s kutoka x − ct hadi x + ct
```

Isome sehemu ya pili kama dirisha. Ukiwa kwenye nukta x, una dirisha ambalo kingo zake zinafunguka kulia na kushoto kwa kasi c. Kimo chako ni jumla ya kasi yote ya mwanzo iliyokwisha kuingia dirishani, ukigawa kwa 2c. Kwenye nukta ya mita 1, ukingo wa kushoto wa dirisha unakigusa kipande kilichogongwa milisekunde 45 zikitimia, na unamaliza kukipita milisekunde 55 zikitimia. Baada ya hapo kipande chote kimo ndani na dirisha linaendelea kupanuka bila kupata kitu kipya. Kimo kinasimama kwenye jumla ya g yote: 2 mara 0.2 ni 0.4, gawa kwa 40, ni 0.01 ya mita. Sehemu ya kwanza ya fomula haina kumbukumbu ya namna hii. Inachungulia nukta mbili tu, zilizo kwenye kingo za dirisha, na tuta likishapita hakuna linalobaki.

Kwa hiyo uwanda unategemea kitu kimoja tu, jumla ya g. Zidisha jumla hiyo kwa masi ya mita moja na unapata momenta ambayo ubao uliipa kamba: 0.1 mara 0.4, yaani 0.04. Momenta hiyo haiwezi kupotea, maana hakuna wa kuichukua. Ihesabu milisekunde 50 baadaye: miteremko miwili, kila mmoja una sentimita 20 za kamba, sawa na kilo 0.02, ikipanda kwa mita 1 kwa sekunde. Kila mmoja una 0.02, na jumla ni 0.04 ileile. Nishati nayo iangalie. Mwanzoni yote ilikuwa ya mwendo, jouli 0.04. Baadaye mwendo una 0.02 na kuvutika kwa kamba kwenye miteremko kuna 0.02. Hesabu hizi mbili ndizo kipimo changu kila ninapolikagua jibu la mtu. Zikilingana, ni nadra jibu kuwa na kosa.

Hapo pia unapata jibu la swali ambalo hukuliuliza ila litakuja kwenye mtihani: nini kifanyike ili wimbi liende upande mmoja tu? Rudi kwenye miteremko. Unataka G' iwe sifuri, basi f' + g/c lazima iwe sifuri, yaani g = −c f'. Ukiinua tuta na kuliachia, hutimizi sharti hilo, kwa sababu g ni sifuri. Inabidi kila nukta ya tuta iwe na kasi yake: upande wa mbele wa tuta, unaoteremka kuelekea kulia, uwe unapanda, na upande wa nyuma uwe unashuka, kwa kiasi kinacholingana kabisa na mteremko wa mahali hapo. Hivyo ndivyo linavyokwenda tuta unalolipata ukitikisa ncha ya kamba ndefu mara moja juu na chini. Jumla ya g ya tuta la namna hiyo ni sifuri, kwa kuwa kinachopanda mbele kinalipwa na kinachoshuka nyuma, na ndiyo maana haliachi uwanda nyuma yake.

Kosa ninaloliona zaidi kwenye karatasi za wanafunzi ni kuandika sehemu ya kasi kama ½[g(x − ct) + g(x + ct)], kwa kuifananisha na sehemu ya umbo. Linashikwa kwa vipimo. g ni mita kwa sekunde, u ni mita, haviwezi kuwa sawa. Ukijumlisha g kwa urefu kisha ukagawa kwa c, sekunde zinafutana na unabaki na mita. La pili ni kubadilisha alama baina ya F na G. Hili vipimo havilishiki. Jaribu jibu lako muda mfupi sana baada ya kugonga: katikati kamba lazima iwe imepanda kwa gt. Ukiona imeshuka wakati ubao uliipiga kwenda juu, alama zimegeuka.

Kuna jambo lingine ambalo mwanafunzi makini hulishuku. Ngazi zetu mbili zina kona nne, na kwenye kona u_xx haipo. Je, tumeruhusiwa? Jambo hili lilizua mabishano makali. D'Alembert alishikilia kwamba jibu linahusu maumbo laini tu. Leonhard Euler alikataa, akasema kamba iliyovutwa kwa kidole ina kona, na inatetema vilevile. Leo tunaikubali kona kama ukomo wa maumbo laini: lainisha kingo za ubao kidogo, kona zinakuwa mapindo mafupi, na jibu linabadilika kidogo tu karibu na hapo. Kona zenyewe zinasafiri kwa kasi c bila kulainika. Zinazokwenda kulia ziko 0.1 + ct na −0.1 + ct: ya kwanza ndiyo iliyoanzisha mwendo wa nukta yetu ya mita 1, na ya pili ndiyo iliyousimamisha. Kwenye kamba halisi, hasa waya mgumu, utaona kona zikimumunyuka kwa sababu waya unapinga kupindwa, na mlinganyo wetu hauna habari ya ugumu huo. Mlinganyo pia unataka miteremko iwe midogo. Yetu ni 0.05, haina shida. Ukigonga kwa mita 20 kwa sekunde mteremko unakuwa 0.5, na hapo usiuamini tena.

Nimeanza kwa kusema ncha ndizo zinazoishusha kamba, nikuonyeshe. Ifunge kamba hii kwenye nguzo mbili zilizo mita 12 mbalimbali, uipige katikati. Mpaka sekunde 0.295 kila nilichokisema ni kweli kabisa, kwa sababu ukingo wa mbele wa mteremko bado haujagusa nguzo. Ukigusa, nguzo inakataa kupanda na kuirudisha ngazi ikiwa imepinduliwa. Ngazi iliyopinduliwa inarudi kuelekea katikati, na kila nukta inayoipita inashuka kwa mita 1 kwa sekunde kwa milisekunde 10, sentimita 1 kamili, hadi sifuri. Sekunde 0.6 zikitimia ngazi mbili zilizorudi zimelaliana tena katikati. Kamba imenyooka, ila sasa kipande cha kati kinashuka kwa mita 2 kwa sekunde, kana kwamba umekipiga kutoka juu. Uwanda unaanza upya upande wa chini, na kama hakuna kinachoinyonya nishati, kamba inarudi kama ulivyoipiga mwanzo sekunde 1.2 zikitimia.